Mtamba Aliyekuwa Kazini

Nilikuwa bwana mifugo katika kijiji kimoja si mbali na Kharumwa, na kazi yangu kubwa ilikuwa josho. Siku ya kuogesha, ng'ombe walianza kufika jua halijapanda, wakasukumana kwenye kichochoro cha miti, wakarukia dawa mmoja mmoja na kutokea upande wa pili wakitiririka na kupiga chafya. Mtu akikaa joshoni miaka kadhaa huwajua ng'ombe wa watu kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake: kwa mwendo, kwa pembe, kwa ukaidi, na hasa kwa masikio. Kila ukoo ulikuwa na mkato wake. Hawa walikata ncha, wale walitoboa katikati. Ng'ombe wa marehemu shemeji yangu walikuwa na mapengo mawili kwenye ukingo wa sikio la kushoto.

Ndiyo maana siku ile, dada yangu mkubwa, mjane wa shemeji huyo, alipoleta ng'ombe wake, niliona upungufu kabla hajanisalimu.

"Shikamoo, dada. Mtamba mwekundu yuko wapi? Anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi." Akacheka kwa namna ya mtu mwenye siri tamu. "Yuko kazini."

"Kazini? Ng'ombe jike ambaye hajazaa hata mara moja ana kazi gani?"

"Kazi ambayo wewe na mshahara wako hamuiwezi. Anakwenda kuniletea mwenzake."

Nitaeleza kwa nini sikucheka. Mwanawe wa kwanza alikuwa amechumbia Ushirombo, kwa familia moja ya wakulima Wakatoliki, watu wa heshima na wasiopenda mizaha katika mahari. Ng'ombe wengine walikuwa wamekwisha kupelekwa. Aliyebaki alikuwa mmoja, na wakwe walikwishasema hawataki maksai wala ng'ombe mzee aliyechoka kuzaa, wanataka mtamba. Mtamba aliyefaa katika zizi la dada alikuwa yule mwekundu peke yake. Waliobaki walikuwa ng'ombe wakubwa wawili wa maziwa na ndama dume. Mtamba huyo asipofika kwao kabla ya mavuno, wakwe wangekuwa na haki ya kumpa binti yao mtu mwingine, na walikuwapo waliokuwa wakisubiri.

Nikamwomba dada akae kivulini anieleze taratibu. Akaeleza kwa furaha.

Kulikuwa na chama. Mwenye chama alikuwa mtu niliyemfahamu vizuri: tulisoma pamoja shule ya kati, kisha yeye akawa karani wa kununua pamba, na kazi ile ilipomwishia akawa hana shughuli inayoeleweka. Watu waliendelea kumwita Karani. Katika chama chake, ukitaka kuingia unampelekea mtamba mmoja, naye anakulishia. Ukileta watu watatu, kila mmoja na mtamba wake, chama kinakupa mitamba wawili. Dada alikuwa ameingizwa na jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa kama baba kwake tangu alipofiwa. Mzee naye alikuwa ameingizwa na katekista wetu.

"Katekista amekwisha kupata wake wawili," dada alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Mzee atapewa wake Jumapili, maana mimi ndiye nilikuwa mtu wake wa tatu. Sasa nami natafuta watatu. Nimeanza na wewe, mdogo wangu. Usiniangushe."

Hapo ni lazima nimtetee dada yangu, maana wapo watakaosoma na kusema alikuwa mjinga. Hakuwa. Kwetu kumkabidhi mtu ng'ombe akulishie ni jambo la kawaida kuliko kuweka fedha benki. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki na ndugu walio mbali, ili ugonjwa au wezi wakipiga zizi moja, mengine yabaki. Anayelisha hunywa maziwa, hutumia samadi, na mara kwa mara hupewa ndama kwa shukrani. Ng'ombe akiondoka hivyo akarudi baada ya miaka na ndama nyuma yake, hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo Karani aliposema "mlete nikulishie, atarudi na mwenzake", dada hakusikia jambo geni. Alisikia jambo la babu zetu. Mtu wa mjini, anayejua fedha tu, pengine angeuliza ziada inatoka wapi. Sisi hatukuuliza kwa sababu tunajua ziada ya ng'ombe inatoka wapi. Ng'ombe huzaa.

"Dada," nikamwuliza, "huyo mtamba umempeleka lini?"

"Wakati wa kupalilia."

"Na ng'ombe hubeba mimba muda gani?"

Akanitazama kama ninamchezea. "Kama mtu. Miezi tisa."

"Na anaweza kuzaa dume?"

"Anaweza, kwani anachagua?"

"Basi Karani amepata wapi mitamba wawili wa kumpa katekista ndani ya msimu mmoja, na wote majike, na wote wakubwa wa kupandwa?"

Dada akashika kichwa cha fimbo yake na kuizungusha mchangani. Kisha akasema jambo ambalo nilikuja kulisikia kwa kila mwanachama niliyemwuliza. "Hiyo ni faida ya machimboni. Karani ana bucha huko Mwakitolyo. Wachimbaji wanakula nyama kama simba."

Wiki haikuisha, Karani mwenyewe akaja kwangu. Alikuwa amevaa kaunda suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, na baiskeli mpya iliyofungwa utepe kwenye usukani. Alinikumbatia. Alinukia sabuni ya kuogea, katika miaka ambayo sisi wengine tulikuwa tunafulia majivu.

"Nkoi wangu!" akasema, yaani rafiki yangu. "Mtu wa serikali! Nimekuwekea nafasi ya juu kabisa, sikutaka waijaze watu wa ovyo."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuamka, ndugu yangu. Wewe unawaogesha ng'ombe wa wenzio mpaka lini? Utakufa na harufu ya dawa."

Tukacheka wote wawili, maana ni kweli nilinuka dawa. Nikamkaribisha kiti, nikamwuliza kwa upole kabisa, maana hadi wakati huo nilikuwa tayari kushawishika. Ningependa hili lieleweke. Sikuwa adui wa biashara. Nilikuwa na mitamba wawili wangu, mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, na mtu angenionyesha kazi ya kweli ningemfuata.

"Faida ya chama inatoka wapi?" nikamwuliza.

"Ng'ombe huzaa, nkoi. Wewe ndiye bwana mifugo, nikufundishe mimi?"

"Kwa muda huu hawajazaa."

"Ah, basi kuna bucha. Machimboni."

"Bucha iko upande gani? Nina safari ya huko, nikupitie."

"Bucha haina kukaa mahali pamoja, inafuata wachimbaji. Na si bucha tu. Nguvu yetu hasa ni umoja. Watu watatu, ndugu yangu! Unakosa watu watatu wanaokupenda?"

Sikiliza jinsi jibu lilivyokuwa likihama. Nikimfuata kwenye ndama, yuko buchani. Nikimfuata buchani, yuko kwenye umoja. Nilipouliza juu ya ng'ombe alijibu kwa maneno machache na kutazama nje. Nilipouliza juu ya watu, macho yake yaliwaka na akavuta kiti karibu. Alitaka kujua shemeji zangu wangapi wana mifugo. Alitaka kujua kama mke wangu ana ndugu wa kiume. Akaniuliza kuhusu wajane wa kijiji, nani ameachiwa nini, kwa sauti ya kuwahurumia, huku kidole chake kikihesabu gotini. Nilikuwa nimeona kupe wengi maishani mwangu, wa kila ukubwa, na sikuwahi kumchukia kupe. Ameumbwa hivyo. Lakini kumtazama mtu mliyekula naye viazi vya shule akipapasa ukoo wako kutafuta mahali pa kushika, hilo lilinitia kichefuchefu ambacho mpaka leo sijakimaliza.

"Na mtu akikosa watatu?" nikauliza.

"Atakosaje? Labda mvivu."

"Nauliza akikosa. Ng'ombe wake anarudi?"

"Mambo ya kukosa usiyatamke, yanafukuza baraka." Akasimama, akaomba tusali kabla hajaondoka. Akasali vizuri, kwa muda mrefu, akamtaja na marehemu shemeji yangu.

Nilipokwenda kwa dada sikumwambia kwamba ametapeliwa. Mtu akiambiwa hivyo huitetea aibu yake, na anayemtapeli hufaidika na utetezi huo. Nilimwambia tu: "Twende tukaione bucha. Kama ipo, naleta mtamba wangu siku hiyo hiyo." Akakubali upesi, maana alikuwa na uhakika. Nikamfungia khanga ya kukalia nyuma ya baiskeli, tukaondoka.

Machimbo wakati ule yalikuwa maturubai, vibanda vya nyasi na mashimo. Vijana wenye vumbi jeupe hadi kope walikuwa wakipandisha mawe kwa kamba. Mashimo yale wanayaita maduara, na kila duara lina mwenyewe, na wanaochimba hulipwa kwa mgawo wa mawe yanayotoka. Tuliuliza bucha ya Karani kwa muuza chai. Hakuijua. Tukauliza kwa wasaga mawe. Mmoja akamjibu dada, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hapa karani hatuna. Tuna njaa tu." Wenzake wakaangua kicheko. Tulizunguka mpaka dada akaacha kuuliza mwenyewe, akawa anauliza kwa kunisukuma kiwiko.

Mwisho tukafika kwa mchinjaji wa kweli, Msumbwa mmoja mnene aliyekuwa na aproni ya gunia. Hapo palinuka. Ngozi mbichi zilikuwa zimewambwa kwenye vijiti, vichwa viwili vya ng'ombe vilikuwa chini ya meza, na nzi hawakuwa na idadi. Nikamweleza tulichokuwa tunatafuta.

"Bucha inayohamahama?" akasema. "Mimi nikihamisha hii meza tu, madeni yangu yote yanatoroka. Hawa vijana wanakula leo, wanalipa duara likitoa. Lisipotoa, nimewalisha bure. Huyo mwenzenu anachinja wapi? Ngozi anawamba wapi? Ng'ombe si kuku, mtu amchinje na majirani wasijue."

Dada akamwuliza, kwa sauti ndogo, "Kwani biashara ya nyama haina faida?"

"Ina faida, dada yangu, ningekuwa hapa nanuka hivi bila faida? Lakini ni ndogo ndogo. Siku nyama ikilala, inaoza, faida ya wiki inakwenda na mbwa. Unaona yule maksai pale? Nimemnunua kwa fedha yangu. Akichinjwa, na nyama ikaisha, ndipo nitajua kama nimepata faida au hasara." Akafuta kisu kwenye gunia. "Kama una madume ya kuuza niletee, nitakupa bei, ukiona ndogo rudi nao. Ila usiwaambie kijiji kizima. Nikiletewa ng'ombe na kila mtu nitaweka wapi?"

Njiani kurudi, kwenye mchanga ambapo tulilazimika kuisukuma baiskeli, dada ndiye aliyeligundua lile lililonipita.

"Huyu mnukaji hataki niite watu," akasema. "Na yule mwenye sabuni hataki kitu kingine ila watu."

Nikasimama. Nilikuwa bado sijaliweka wazi namna hiyo. Tukakaa kando ya njia, nikaokota vijiwe, tukakipanga chama mchangani. Karani juu. Chini yake watu watatu, tena chini yao tisa, chini yao ishirini na saba. Vijiwe vikaisha, tukaendelea kwa mdomo: themanini na moja, mia mbili arobaini na tatu. Kaya za kijiji chetu zote hazikufika hapo. Kila mtu wa juu analipwa kwa mitamba wa watatu walio chini yake: wawili wanakwenda kwake, wa tatu anabaki kwa Karani. Hakuna aliyezaa, hakuna aliyechinjwa, hakuna aliyeuzwa. Ng'ombe ni wale wale, wanahama tu zizi. Na siku watu wakiisha, safu ya chini, ambayo peke yake ni kubwa kuliko safu zote za juu zikijumlishwa, inabaki imeshika kamba isiyo na ng'ombe.

Dada alichukua kijiwe kimoja cha chini kabisa. "Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Na huyu wa juu yangu ni mzee. Kwa hiyo Jumapili mzee anapewa mtamba wangu."

"Wako, na wa mwenzako mmoja mlioingia pamoja."

"Na ili mimi nipate, nikuvue wewe." Akakitupa kile kijiwe porini, akatema mate. "Nilikuja joshoni kwako nikicheka."

Nikamwambia anayetapeliwa hana sababu ya kuona haya, na kwamba amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: amepanda nyuma ya baiskeli kwenda kutazama. Hilo nalirudia hapa kwa yeyote anayealikwa na mtu anayemfahamu. Kuuliza si kumtukana mwenzako. Muulize kinachouzwa ni nini, nani anakinunua ambaye si mwanachama, na ukikosa kuleta watu utapata nini. Mwenye biashara ya kweli atakujibu, na atakutajia na hasara bila kuombwa. Atakayekasirika, au atakayekuombea dua badala ya jibu, mshukuru kwa chai na ubaki na ng'ombe wako.

Siku zilikuwa zimebaki chache kabla ya Jumapili. Dada alitaka kwenda usiku kumfungua mtamba wake zizini kwa Karani. Nikamkataza, maana katika miaka ile ya wizi wa mifugo, mtu akikutwa na ng'ombe gizani alipigiwa mwano kwanza, yaani yowe la mwizi, maswali baadaye. Badala yake tulikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, mtu wa maneno machache aliyekuwa na ng'ombe wengi waliolishwa na watu wengine. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kujali vijiwe vyangu vya mchangani. Aliuliza jambo moja tu: "Karani alitumia neno gani? Alisema anamnunua, anamwazima, au anamlishia?"

"Alisema nikulishie," dada akajibu. "Wote ametuambia hivyo."

"Basi," mjumbe akasema, akavaa viatu.

Jumapili baada ya misa watu walijaa nyumbani kwa Karani. Kulikuwa na pombe, na ngoma ndogo. Mzee, jirani wa dada, alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, ameshika kamba mbili mpya alizozisokota mwenyewe. Katekista alikuwapo kushuhudia, kwa moyo mweupe kabisa, akieleza kwa kila mtu jinsi chama kilivyomwokoa. Mwanawe alikuwa ameoa majuma machache kabla, huko Bukombe, na mitamba wawili wa chama walikuwa sehemu ya mahari.

Karani alipomtoa mtamba mwekundu zizini, na umati ukapiga vigelegele, dada akajitokeza.

"Huyo ni wangu."

"Ni wa chama, mama," Karani akasema akitabasamu. "Wako utampata ukileta watu wako. Tusiharibu furaha ya mzee."

Mjumbe akamshika mtamba sikio, akalipindua ili wote waone yale mapengo mawili. "Karani. Huyu ulipewa kwa kulishia?"

"Kwa utaratibu wa chama…"

"Nimeuliza ulisemaje."

Walikuwa pale wengi walioambiwa neno lile lile, na Karani aliona nyuso zao. "Nilisema namlishia," akajibu.

"Ng'ombe wa kulishiwa hapewi mtu mwingine. Hata mimi mwenye zizi kubwa, nikimlishia maskini, siwezi kumtoa ng'ombe wake kwa harusi yangu. Babu yako alijua hilo. Mwenyewe akimtaka, anamchukua na ndama wake kama yuko." Akatazama huku na huku. "Ndama yuko?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. Wale walioingia mwisho hawakungoja. Wawili wakaingia zizini wakatafuta masikio yao. Karani alipaza sauti kwamba tumelogwa na wivu, kwamba kijiji hiki kitakufa maskini, kwamba chama kilikuwa kimebakiza kidogo tu kufika mahali pazuri. Na pengine aliamini. Sijui. Niliwahi kumwonea huruma wakati mwingine nikiwaza hivyo, kisha nikakumbuka kile kidole kikihesabu wajane gotini, huruma ikakauka. Hata dakika ile, watu wakimpita na mitamba, aliniona akasogea, akaniwekea mkono begani. "Nkoi, ungenifuata pembeni tukaongea," akasema chini chini. "Wewe ningekupa bila masharti." Nikauondoa mkono ule. Nilinawa nilipofika nyumbani, najua ni upuuzi, nikanawa tena.

Lakini zizi halikuwa na ng'ombe wa kuwatosha wote. Waliowakuta mitamba wao ni safu ya mwisho tu, ambao ng'ombe wao hawakuwa wamehamishwa bado. Mitamba waliotoka zamani walikuwa wamekwisha kugawiwa. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya uchafu ule iliyonichukiza kuliko zote: kwamba kila mtamba aliyerudi kwa mwenyewe alikuwa anatolewa mkononi mwa mtu mwingine ambaye naye hakuiba.

Mzee alikuwa amesimama na kamba zake mbili. Dada alikwenda mbele yake, amemshika mtamba, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Umeninyang'anya," akasema. "Mimi niliyekuletea kuni ulipofiwa."

"Baba, huyu ni wa mahari ya mjukuu wako."

"Na wangu? Niliyempeleka mimi yuko wapi?"

Watu wakanitazama mimi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba nawajua ng'ombe. Nami nilijua. Mtamba wa mzee, mwenye kisogo cheupe na sikio lililotobolewa katikati, nilikuwa nimemwona akipita josho pamoja na ng'ombe wa katekista, nikadhani wameuziana.

"Alikwenda kwa katekista," nikasema taratibu. "Na kwa katekista akaenda Bukombe."

Mzee akamgeukia katekista. Katekista alikuwa amekalia kiti cha heshima, na uso wake ulikuwa umepauka. Hakuwa amedanganya mtu. Alikuwa amepewa zawadi, akaitoa mahari, na binti wa watu alikuwa nyumbani kwake sasa hivi akipika. Ng'ombe wa mahari hurudi njia moja tu, na njia hiyo ni ndoa kuvunjika.

"Kwa hiyo," mzee akasema polepole, "niende nikamwambie bibi harusi afunge mizigo, kwa sababu mzee fulani anataka mtamba wake?"

Nilianza kumweleza, kama nilivyomweleza dada, safu kwa safu, kwa sauti ya upole niliyoitumia maisha yangu yote kuwaeleza watu mambo ya mifugo. Nilitaka angalau ajue kwamba dada hakumwibia. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye tisa, akainua mkono.

"Nimeelewa," akasema. "Nilielewa ulipotaja Bukombe. Sasa nyamaza."

Akazikunja kamba zake, akaziweka kwapani, akaondoka peke yake. Dada alimngoja afike mbali kidogo kabla ya kumswaga mtamba, maana njia ya kwenda nyumbani ilikuwa moja na hakutaka kumpita.